Siku 219 katika mfuko wa siku 120

Tuchukue SACCOS moja ya wafanyabiashara wa soko katika mji wa mkoani. Ina wanachama 1,400. Akiba, hisa na mikopo yao imeandikwa kwenye leja, na nakala yake iko kwenye Ekseli katika kompyuta ya mhasibu. Mwanachama akitaka kujua salio lake anafunga kibanda, anakwenda ofisini na kupanga foleni. Bodi imechoka na foleni hiyo, na imewaahidi wanachama kwamba siku ya mkutano mkuu kila mmoja ataona salio lake kwenye simu. Mkutano uko wiki nane mbele. Fedha zilizopo zinatosha kuwalipa watengenezaji watatu wa programu kwa muda huo. Watu watatu, siku tano kwa wiki, wiki nane: siku 120 za kazi. Hakuna siku ya 121.

Meneja, mhasibu, afisa mikopo na mjumbe wa bodi wanakaa na watengenezaji na kutaja wanachotaka. Orodha inarefuka. Salio kwenye simu. Ujumbe mfupi kila malipo yakiingia. Kuomba mkopo kwa simu, na wadhamini wakubali kwa simu. Kurejesha mkopo moja kwa moja kutoka mitandao ya pesa. Hesabu ya gawio. Ripoti ya wanaochelewesha marejesho. Programu nzuri ya simu janja. Watengenezaji wanakadiria kila kipengele, wakihesabu humohumo muda wa kukijaribu, kisha wanajumlisha. Jumla ni siku 219.

Sasa meneja akiulizwa kipi kati ya hivi ni cha muhimu, anajibu kwamba vyote. Hadanganyi, maana kila kitu kilichotajwa kinamuuma mtu fulani ofisini. Lakini jibu hilo halisaidii kuamua lolote, na kazi ikianza hivyo mambo huwa hayatabiriki: wiki ya nane inafika, programu ya simu janja imependeza, wadhamini wamekamilika nusu, na salio bado linasoma vibaya kwa wanachama wenye mikopo miwili.

Mwaka 1994 Dai Clegg, akiwa kampuni ya Oracle, alitengeneza njia ya kugawa orodha ya namna hii katika mafungu manne. Njia hiyo ikaingia katika utaratibu wa kuendesha miradi uitwao DSDM, na inajulikana kwa jina la MoSCoW, linalotokana na herufi za mwanzo za mafungu yenyewe kwa Kiingereza. Haihusiani na mji mkuu wa Urusi. Kwa Kiswahili tuyaite mafungu hayo Lazima, Inapaswa, Ikiwezekana, na Safari Hii Hapana. Watu wengi waliowahi kufanya kazi katika mradi wa programu wameshayasikia. Wanaoyatumia sawasawa ni wachache zaidi, kwa sababu kuyataja ni rahisi, na ugumu wote uko katika swali linalolinda mlango wa fungu la kwanza.

Swali lenyewe ni hili: ikifika asubuhi ya siku ya kuzindua na kitu hiki hakipo, je, tutaahirisha uzinduzi? Anayejibu hapaswi kufikiria ni kiasi gani anakitaka. Afikirie atafanya nini asubuhi ile. Kama jibu ni kwamba tutazindua tu, huku tukinung'unika na mhasibu akifanya kazi ya ziada kwa mkono, basi kitu hicho si Lazima. Kitu huwa Lazima kwa sababu chache tu: bila hicho mfumo hauna maana, au unavunja sheria, au si salama kuutumia.

Tuwapitishe SACCOS yetu katika swali hilo. Kuona salio kwa simu kunaingia bila ubishi, kwani ndicho kilichoahidiwa. Kwa kuwa wanachama wengi wanatumia simu za vitochi, salio litapatikana kwa menyu inayofunguka mtu akibonyeza nyota, namba na reli. Makadirio ni siku 20. Lakini salio litatoka wapi? Lazima taarifa za leja na Ekseli zihamishiwe kwenye mfumo mpya na kuhakikiwa: siku 16. Mfumo utajuaje anayeuliza ni nani? Lazima kuwe na usajili wa namba ya simu na namba ya siri: siku 12. Na kesho yake, malipo mapya yakiingia, salio litabadilikaje? Lazima mhasibu awe na ukurasa wa kuingiza malipo ya siku: siku 14. Hakuna mwanachama aliyeomba kitu chochote kati ya hivi vitatu vya mwisho. Vimeingia kwa sababu kile kilichoombwa kinavitegemea, na kitu kinachotegemewa na Lazima kinakuwa Lazima chenyewe.

Kuna kipengele kimoja zaidi ambacho hakikuwa na mtetezi mezani: kumbukumbu ya nani amebadilisha taarifa gani na lini, pamoja na nakala rudufu ya data. Siku 10. Hapa ndipo sheria inapoingia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayekusanya na kutunza taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Kwa chombo kinachoshika akiba za watu 1,400, mfumo usioweza kuonyesha ni mfanyakazi gani aliyebadilisha salio la mtu haufai kuwashwa hata kama menyu yake inafanya kazi vizuri. Mambo ya ulinzi mara nyingi huachwa nje ya Lazima kwa sababu tu hakuna anayeyapigia kelele. Katika kila kikao cha aina hii mtu mmoja apewe jukumu la kuyaleta mezani, na katika chama cha akiba mtu huyo angekuwa mkaguzi wa ndani.

Jumla ya Lazima ni siku 72.

Vuta nikuvute ya kweli ilikuwa juu ya kurejesha mkopo kutoka mitandao ya pesa. Meneja aliona hicho ni Lazima, na hoja yake ilikuwa nzito: wanachama wanakiuliza kila siku. Swali la asubuhi ya uzinduzi likaulizwa. Leo wanachama wanarejesha vipi? Wanatuma kwenye namba ya ofisi, na mhasibu anaandika. Je, hawataweza kuendelea hivyo siku ya mkutano mkuu? Wataweza. Basi si Lazima. Kwa thamani yake ilistahili fungu la pili, ila kuna kikwazo kingine ambacho watengenezaji walikijua na meneja hakukijua. Kazi hiyo, yenye siku 25, inahitaji mkataba na majaribio na kampuni za simu, na muda wa taratibu hizo hauko mikononi mwa SACCOS. Kitu kinachomsubiri mtu wa nje hakipaswi kuwekwa katika toleo lenye tarehe isiyosogea, isipokuwa pasipo njia nyingine kabisa. Kikaenda Safari Hii Hapana, na barua za kuomba mkataba zikaanza kuandikwa wiki hiyohiyo ili toleo la pili lisikwame.

Fungu la Inapaswa ni la vitu ambavyo kukosekana kwake kunauma lakini mfumo unabaki na kazi yake. Kwa kawaida kuna njia ya kuzunguka, yenye usumbufu. Mwanachama akisahau namba ya siri, kujirudishia mwenyewe kwa simu kunagharimu siku 10; bila hivyo atakwenda ofisini na kitambulisho. Ujumbe mfupi malipo yakiingia ni siku 8. Bila huo atapiga menyu aangalie. Kuona miamala mitano ya mwisho ni siku 6. Bila hiyo leja ipo. Jumla siku 24.

Ikiwezekana ni vitu vinavyopendeza na vina faida, lakini vikikosekana wachache watagundua, au maumivu yake ni madogo. Ripoti ya wanaochelewesha marejesho, siku 11, ambayo leo afisa mikopo anaitengeneza kwa Ekseli. Kikokotoo cha mkopo, siku 7. Picha ya mwanachama kwenye ukurasa wa mhasibu, siku 6. Jumla siku 24 tena. Mpaka kati ya fungu la pili na la tatu hauna swali moja kali kama lile la kwanza. Unapimwa kwa kuangalia watu wangapi wanaumia na kwa kiasi gani, na hapa wenye kazi wenyewe ndio waamuzi.

Safari Hii Hapana ilibeba kuomba mkopo kwa simu pamoja na wadhamini (siku 30), programu ya simu janja (siku 35), marejesho ya mitandao ya pesa (siku 25) na hesabu ya gawio (siku 9). Siku 99 zimetoka mezani. Zilizobaki ni 120, sawa na mfuko.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini Lazima isichukue siku zote 120. Kama vitu hivyo ndivyo vya maana zaidi, si tungejaza mfuko navyo? Swali hili ndilo kiini cha njia nzima, na jibu lake liko katika tabia ya makadirio. Makadirio ya programu hukosea, na mara nyingi hukosea kwa upande mmoja: kazi huwa ndefu kuliko ilivyodhaniwa. Mwongozo wa DSDM unashauri Lazima isizidi asilimia 60 ya kazi yote ya toleo, na Ikiwezekana iwe karibu asilimia 20. Asilimia hizo ni za kazi, wala si za idadi ya vipengele. SACCOS yetu ina siku 72 za Lazima kati ya 120, ambazo ni asilimia 60 kamili. Maana yake, kazi za Lazima zinaweza kurefuka kwa siku 48, yaani kwa theluthi mbili nzima ya makadirio, na bado salio likasomeka siku ya mkutano mkuu. Lau bodi ingeng'ang'ania Lazima ya siku 108, asilimia 90, nafasi ya kukosea ingekuwa siku 12 tu. Makadirio yakipotoka kwa zaidi ya asilimia 11, ahadi imevunjika. Sijui fundi programu mzoefu ambaye angekubali kuweka jina lake kwenye makadirio yenye uhakika wa asilimia 11 kwa mfumo ambao hajauanza.

Kwa hiyo Ikiwezekana ndiyo akiba ya mradi. Miradi ya kawaida huweka akiba kwa kuongeza siku au fedha pembeni. Hapa tarehe haisogei, fedha hazisogei, ubora hausogei. Kinachosogea ni idadi ya vitu vitakavyokuwemo. Timu inapanga kufanya vyote vya Ikiwezekana na inakusudia kweli kuvifanya, ila kila mtu mezani ameshakubali tangu mwanzo kwamba ndivyo vya kwanza kutolewa sadaka.

Sadaka ilihitajika mapema. Timu ilianza na Lazima, na ndani ya Lazima ikaanza na ile yenye wasiwasi mkubwa zaidi, kuhamisha taarifa. Huo ndio mpangilio sahihi, kwa sababu jambo baya likijulikana wiki ya pili bado kuna nafasi ya kulipanga. Wakakuta wanachama wenye majina mawili tofauti kwenye leja na Ekseli, namba za simu zinazotumiwa na watu wawili wa nyumba moja, na mikopo ya zamani ambayo marejesho yake yaliandikwa kwa penseli pembeni ya ukurasa. Siku 16 zikawa 29. Zimepungua siku 13. Picha ya mwanachama ikatoka, siku 6. Kikokotoo cha mkopo kikatoka, siku 7. Kikao cha kuamua hilo kilikuwa kifupi, kwa kuwa uamuzi wenyewe ulishafanywa wiki ya kwanza. Hakuna aliyeombwa kukesha, na hakuna jaribio lililorukwa ili kufidia muda.

Makosa yanayoiharibu njia hii yana dalili za kuonekana, na iliyo wazi kuliko zote ni Lazima inayovuka asilimia 60. Hapo tiba isiwe kubishana upya ni kipi ni muhimu. Tiba ni kuvikata vipande vipengele vyenyewe. Ombi lililoandikwa "mwanachama aone taarifa zake zote" litapita kama Lazima lilivyo, na litameza siku nyingi. Likatwe: salio la leo ni Lazima; miamala mitano ya mwisho ni Inapaswa; taarifa ya mwaka mzima ya kuchapisha ni Ikiwezekana; michoro ya ukuaji wa akiba ni Safari Hii Hapana. Karibu kila Lazima kubwa ina vipande vya mafungu ya chini vilivyojificha ndani yake, na kazi ya kuvifichua ndiyo inayotofautisha mchambuzi mzuri na mwandishi wa orodha.

Dalili nyingine ni fungu la nne kuwa tupu. Watu huona aibu kumwandikia mkubwa "hapana", wakaliacha jambo bila kuandikwa popote. Kitu kisichoandikwa kinabaki kichwani mwa aliyekiomba kama ahadi, na siku ya uzinduzi mjumbe wa bodi anauliza iko wapi programu ya simu janja. Fungu la nne linaandikwa waziwazi, kwa tarehe, na aliyeomba akiwepo. Maneno "safari hii" ndiyo yanayolipa heshima yake: jambo limesikika, limepimwa, na litarudi mezani toleo lijalo.

Historia ya M-Pesa nchini Kenya inaonyesha jinsi jambo lililotolewa linavyoweza kurudi kwa wakati wake. Majaribio yake yaliyoanza mwaka 2005, yakishirikisha taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, yalilenga watu kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Kuoanisha mfumo huo na hesabu za vikundi vya mikopo kulikuwa kugumu, na wakati huohuo watu waliokuwa kwenye majaribio walionekana kuutumia kutumiana fedha wao kwa wao. Safaricom ilipozindua huduma hiyo Machi 2007, urejeshaji wa mikopo ulikuwa umeondolewa. Kilichobaki ni kuweka fedha, kutoa, kutuma na kununua muda wa maongezi, chini ya wito wa kutuma pesa nyumbani. Sisemi kwamba walikaa na mafungu haya manne ya Clegg. Ila uamuzi wao ni wa aina hiyohiyo: lile lililokuwa shabaha ya majaribio lilikaa nje ya toleo la kwanza. Akiba na mikopo kwa simu ilirudi Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, huduma kuu ya kutuma fedha ikiwa imeshasimama imara kwa miaka.

Limebaki suala la nani ana mamlaka ya kuhamisha kitu kutoka fungu moja hadi jingine kazi ikiwa inaendelea, na SACCOS yetu ililikuta wiki ya tano. Mwenyekiti wa bodi alitaka hesabu ya gawio iingizwe, kwa sababu gawio hutangazwa siku ya mkutano mkuu. Watengenezaji hawakukubali wala kukataa, maana hilo si lao kuamua. Kazi yao ni kutoa makadirio, na waliyatoa: siku 9. Swali la asubuhi ya uzinduzi likaulizwa tena, na mhasibu akasema gawio la miaka yote amelikokotoa kwa Ekseli na anaweza kulikokotoa tena. Si Lazima, basi. Lakini bodi ina haki ya kubadili mawazo juu ya kilicho bora kati ya vitu viwili vya chini ya hapo, mradi kinachoingia kikitoa kingine chenye ukubwa unaolingana ambacho hakijaanzwa.

Kilichokuwa hakijaanzwa ni ripoti ya wanaochelewesha marejesho, siku 11, na mwenye kuitegemea ni afisa mikopo. Kwa hiyo aliitwa kabla ya bodi kupitisha lolote. Alieleza kwamba kila mwezi ripoti hiyo inamchukua siku mbili kwa mkono, na kwamba ataweza kuvumilia hadi toleo la pili ikiwa itaandikwa kama kitu cha kwanza kupimwa katika toleo hilo. Ikaandikwa hivyo, mwenyekiti na afisa mikopo wakaweka sahihi, gawio likaingia Ikiwezekana mahali pa ripoti, na siku mbili zilizobaki zikaelekezwa kwenye kuhakiki salio la wanachama wenye mikopo miwili.